Soksi Mbili Kwenye Sindano Moja

Soksi ya kwanza humalizika kwa raha. Ya pili ndiyo huwashinda wengi. Mfumaji ameshaiona sura ya kazi yake, hamu imepungua, na akiianza baada ya mwezi mkono nao umebadilika: anakaza uzi kuliko mwanzo, au hakumbuki alifuma mizunguko mingapi kabla ya kufika kisiginoni. Hupatikana pea ambayo soksi moja inabana na nyingine inapwaya. Wafumaji wengi, hasa wa Marekani, wameiondoa taabu hiyo kwa kufuma soksi zote mbili kwa wakati mmoja, zikiwa zimekaa bega kwa bega kwenye sindano moja ndefu, kuanzia vidoleni kupanda juu.

Zamani soksi ilifumwa kwa sindano fupi nne au tano zenye ncha pande zote mbili. Sindano inayotumika hapa ni tofauti: ncha mbili ngumu, za chuma au mbao, zimeunganishwa kwa waya mwembamba wa plastiki unaojikunja bila kuvunjika. Mwaka 2002 Bev Galeskas alichapisha kijitabu kidogo kilichoeneza njia aliyofundishwa na Sarah Hauschka, ya kufuma kitu chembamba kama soksi kwa sindano moja ya aina hiyo. Wamarekani waliita njia hiyo tanzi la ajabu. Miaka minne baadaye, Judy Becker alieleza katika jarida la Knitty namna ya kuanzisha soksi kwenye vidole bila kuacha mshono, na mwaka 2010 Melissa Morgan-Oakes akatoa kitabu kizima cha soksi mbili kwa pamoja kutoka vidoleni.

Siri ya tanzi ni kugawa soksi sehemu mbili. Nusu ya vitanzi, ile ya juu ya mguu, hukaa kwenye ncha moja. Nusu ya pili, ya unyayo, hupumzika kwenye waya. Waya unaozidi huchomoza pembeni kama tanzi kubwa. Mfumaji akimaliza nusu ya kwanza anageuza kazi, anavuta waya ili vitanzi vilivyopumzika vipande kwenye ncha, na vilivyofumwa hivi punde vinashuka kwenye waya kupumzika kwa zamu yao. Kwa soksi moja, waya wa sentimita 80 unatosha. Kwa mbili, 100 ndiyo ya chini, na 120 inampa mfumaji nafasi ya kutembeza kazi bila vitanzi kumponyoka.

Tuchukue mguu wa mtu mzima wenye mzunguko wa sentimita 22 kwenye sehemu pana nyuma ya vidole, na urefu wa sentimita 25. Mfumaji hufuma kwanza kipande cha majaribio kwa uzi na sindano atakayotumia. Kwa uzi mwembamba wa soksi na sindano ya milimita 2.25, wengi hupata vitanzi 32 kwa kila sentimita 10 za upana. Soksi nzuri huwa ndogo kidogo kuliko mguu, kama asilimia 10 hivi, ili ivutike na kushika. Kwa hiyo mzunguko wa soksi ni sentimita 20, sawa na vitanzi 64: 32 vya juu na 32 vya unyayo. Uzi unaofaa ni sufu iliyochanganywa na nailoni, kwa kawaida robo tatu kwa robo. Sufu huvutika na kurudi, nailoni huzuia kisigino kutoboka mapema. Uzi wa akriliki, unaopatikana katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, unafumika vizuri, ila haurudi kama sufu, na soksi yake hulegea mapema.

Bonge la gramu 100, lenye uzi wa mita 400 hivi, hutosha pea ya ukubwa huo na kubaki. Mfumaji huligawa kwa mizani ya jikoni yawe mabonge mawili ya gramu 50, kila soksi na bonge lake. Kama uzi una mistari ya rangi inayobadilika, mabonge yote mawili yaanzie kwenye rangi ileile. Kwa pea ya kwanza ya kujifunzia ni busara zaidi kutumia rangi mbili tofauti kabisa, kwa sababu kosa kubwa la kazi hii huonekana mara moja rangi zinapotofautiana.

Kuanzisha kwa njia ya Becker hufanyika hivi. Ncha mbili za sindano hushikwa pamoja, moja juu ya nyingine. Uzi huzungushwa kwa zamu, mkia wake ukipita kwenye ncha moja na uzi wa bonge ukipita kwenye nyingine, mpaka kila ncha iwe na vitanzi 12. Hapo katikati ya ncha mbili panatokea mstari mnyoofu usio na tundu wala nundu, na huo ndio utakaokaa mbele ya vidole. Kisha vitanzi hivyo 24 husogezwa nyuma kidogo, na soksi ya pili huanzishwa mbele yake kwa bonge la pili, kwa hesabu ileile. Baada ya hapo, katika kila mzunguko wa pili huongezwa vitanzi vinne kwa kila soksi, viwili kila pembeni, kimoja juu na kimoja upande wa unyayo. Kutoka 24 hadi 64 ni nyongeza 10, yaani mizunguko 20, na kidole cha soksi kinakuwa na urefu usiopungua sentimita nne na nusu.

Sasa ndipo pa kuwa makini. Mzunguko mmoja wa soksi mbili una hatua nne. Mfumaji anafuma upande wa juu wa soksi ya kwanza kwa uzi wa kwanza, anauachia uzi huo, anachukua wa pili, anafuma upande wa juu wa soksi ya pili. Anageuza. Sasa iliyo mbele yake ni soksi ya pili tena: anafuma unyayo wake kwa uzi uleule, kisha anarudi kwenye uzi wa kwanza na kumalizia unyayo wa soksi ya kwanza. Anageuza tena, na mzunguko umekamilika kwa soksi zote mbili.

Kwa mpangilio huo, kila mara mfumaji anapofika mwisho wa upande, uzi mmoja unaning'inia ukingoni na mwingine unaning'inia katikati, kati ya soksi na soksi. Mzunguko ukiwa umekamilika, uzi wa soksi ya kwanza ndio ulio ukingoni. Ukiwa nusu, ulio ukingoni ni wa soksi ya pili. Mtu aliyeiweka kazi chini akapika, akalala na kuirudia kesho yake hahitaji kukumbuka chochote. Anatazama nyuzi na kujua alipoishia. Hilo linafanya kazi kwa sharti moja tu: asiiache kazi katikati ya upande, soksi moja ikiwa imefumwa na nyingine bado. Akiiacha hapo ni rahisi kugeuza kwa makosa, na soksi moja hupata safu isiyo na mwenzake.

Kosa baya zaidi ni kusahau kubadilisha uzi. Mfumaji anamaliza soksi ya kwanza na kuingia kwenye ya pili kwa uzi uleule, na soksi mbili zinashonana. Dalili yake ni rahisi: soksi zikivutwa mbali kidogo, pengo lililo kati yake linatakiwa liwe wazi kabisa, bila uzi wowote unaolivuka. Ukionekana uzi umelala hapo, dawa ni kufumua vitanzi kimoja kimoja kurudi mpaka kwenye pengo. Kukata uzi na kufunga mafundo huleta shida kubwa zaidi. Nyuzi kujisokota zenyewe si kosa, ni adha tu, na huisha mfumaji akigeuza kazi kwa mkono wa kulia mara moja na kwa mkono wa kushoto mara inayofuata.

Pembeni, pale tanzi linapochomoza, vitanzi hupenda kuachana na kutengeneza ngazi inayopanda soksi nzima. Wengi hukaza kitanzi cha kwanza cha kila upande kwa nguvu zote. Kinachosaidia zaidi ni kukaza cha pili, kwa sababu ndicho kinachokivuta cha kwanza kirudi mahali pake wakati waya umeshaondoka.

Unyayo hufumwa moja kwa moja mpaka sentimita 19 kutoka kwenye ncha ya vidole. Kisigino kitachukua sentimita tano, na jumla ya 24 inatosha kwa mguu wa 25 kwa kuwa soksi huvutika hata kwa urefu. Hapa soksi mbili huacha kwenda pamoja. Kisigino hufumwa kwa vitanzi 32 vya unyayo peke yake, kwenda na kurudi, na kujaribu kufanya vyote viwili kwa zamu huzisokota nyuzi kila safu. Afadhali kumaliza kisigino kizima cha soksi ya kwanza, huku ya pili ikisubiri kwenye sindano ileile, kisha kuhamia kwa mwenzake.

Katika kila mwisho wa safu mfumaji anageuza, anahamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma, na kuuvuta uzi juu ya sindano mpaka kitanzi hicho kionekane kama viwili vilivyoshikana. Safu inayofuata huishia kabla ya kitanzi hicho. Anaendelea hivyo mpaka vibaki 10 vya kawaida katikati, na 11 vya pacha kila upande. Kisha anaanza kupanuka, kila safari akirudisha kitanzi pacha kimoja kwa kukifuma kama kitanzi kimoja. Mwishoni lazima ahesabu tena 32. Vikiwa 34 au 35, pacha fulani amefumwa kama wawili. Kisigino hiki kina kikomo chake: mwenye mguu ulioinuka sana juu hukiona kinambana. Kwake kisigino kichukue vitanzi 36, viwili vikiazimwa kutoka kila upande wa juu ya mguu.

Faida ya kuanzia vidoleni huonekana sasa. Mguu wa soksi hupanda juu kwa kadiri uzi unavyoruhusu, na kwa kuwa mabonge yalipimwa sawa, soksi mbili huishiwa karibu pamoja. Kila bonge libaki na mita mbili za kumalizia. Ukingo wa juu ukifungwa kwa namna ya kawaida hukaza, na soksi haipiti kisiginoni. Wengi hutumia ufungaji wa Jeny Staiman, uliotoka katika jarida hilohilo la Knitty mwaka 2009: kabla ya kila kitanzi uzi huzungushwa mara moja kwenye sindano, na mzunguko huo hurushwa juu ya kitanzi kabla hakijafungwa. Soksi ya kwanza hufungwa, hujaribiwa mguuni ikiwa uzi wake bado haujakatwa, na ikipita kisigino bila kulazimishwa, ya pili hufungwa kwa mkaza uleule.