Siku 90 baada ya kuacha kazi

Kampuni nyingi changa za teknolojia jijini Nairobi zina mama mbali. Ofisi ipo Westlands au Kilimani, mishahara hulipwa kwa shilingi, lakini kampuni inayomiliki kila kitu imesajiliwa katika jimbo la Delaware, Marekani, kwa sababu ndiko wawekezaji wengi wanakotaka kuweka fedha zao. Hisa anazoahidiwa mfanyakazi wa Nairobi ni za kampuni hiyo ya Delaware, na karatasi anazotia sahihi zimeandikwa na mawakili wa huko. Ndani yake mna kifungu kimoja ambacho wengi hukiona kwa mara ya kwanza baada ya kuaga: haki ambazo hukuzitumia ndani ya siku 90 tangu siku yako ya mwisho kazini zinakufa.

Tuanze na kile hasa anachopewa mfanyakazi, kwa maana hapewi hisa. Anapewa haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyowekwa leo. Kampuni ikikua na hisa ikapanda, yeye bado atanunua kwa bei ile ya zamani, na tofauti ni faida yake. Ikishuka, ataacha kununua na hatadaiwa kitu. Mpaka anunue, si mwenye hisa: hapigi kura na hapati gawio.

Ratiba ya kuiva

Haki hizi hazitolewi zote kwa siku moja. Huiva kidogo kidogo kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi, na ratiba iliyozoeleka ni ya miaka minne yenye kizingiti cha mwaka wa kwanza. Anayeondoka mwezi wa kumi na moja haondoki na chochote. Anayetimiza mwaka huivishiwa robo nzima kwa mkupuo, kisha zilizobaki huiva kwa mafungu sawa kila mwezi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhandisi wa programu anaanza kazi Nairobi tarehe 1 Februari 2022. Anapewa haki ya kununua hisa 12,000 kwa senti 50 za dola kila moja. Tarehe 1 Februari 2023 zinaiva 3,000. Kuanzia hapo zinaiva 250 kila tarehe 1 ya mwezi, hadi zote zitimie Februari 2026.

Bei ile ya senti 50 haikuokotwa hewani. Sheria ya kodi ya Marekani humwadhibu mfanyakazi aliyeko chini yake akipewa haki kwa bei iliyo chini ya thamani halisi ya hisa siku ya kupewa. Kwa hiyo kampuni hukodi mthamini wa nje, na tathmini yake hutegemewa kwa muda usiozidi miezi 12, au pungufu ikiwa jambo kubwa limetokea katikati, kama vile wawekezaji wapya kuingia.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Barua ya ajira mara nyingi husema tu kwamba menejimenti itaiomba bodi ya wakurugenzi impe mfanyakazi haki kadhaa. Mpaka bodi ipitishe, haki hizo hazipo, na bei yake ni ya siku ya kupitishwa, si ya siku aliyoanza kazi. Bodi ikichelewa miezi sita na katikati tathmini ikapanda, mfanyakazi ndiye anayebeba tofauti. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema: je, bodi imeshapitisha, lini, na kwa bei gani?

Siku ya kuondoka

Mhandisi wetu anapata kazi kwingine, na siku yake ya mwisho inakuwa tarehe 20 Agosti 2024. Kufikia tarehe 1 ya mwezi huo ametimiza miezi 30, kwa hiyo haki zilizoiva ni 7,500. Siku alizofanya kazi baada ya hapo hazimpi kitu, kwa kuwa mwezi usiotimia hauhesabiwi. Zile 4,500 ambazo hazijaiva zinarudi siku hiyohiyo kwenye fungu la kampuni, wapewe wengine. Angesogeza siku ya mwisho hadi tarehe 1 Septemba, angeondoka na haki 250 zaidi.

Sasa zile 7,500. Kuzinunua zote kunahitaji dola 3,750, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni shilingi 487,500 za Kenya. Tathmini ya karibuni inasema hisa moja ni dola 2, maana yake hisa zake zina thamani ya dola 15,000. Faida ya dola 11,250 inavutia, ila ipo kwenye karatasi tu. Kampuni haijaorodheshwa kwenye soko lolote la hisa. Mkataba kwa kawaida unaizuia hisa kuuzwa bila idhini, na kampuni yenyewe ina haki ya kununua kabla ya mtu wa nje. Anatakiwa kutoa karibu nusu milioni taslimu, pengine na kodi juu yake, kwa kitu ambacho huenda asiweze kukiuza kwa miaka kadhaa.

Wala dola 2 hizo si ahadi. Wawekezaji wakubwa huwa na hisa za upendeleo, nazo hulipwa kwanza kampuni inapouzwa. Ikiwa waliweka dola milioni 50 na kampuni ikauzwa kwa milioni 40, wao huchukua zote, na wenye hisa za kawaida, mhandisi wetu akiwamo, hawapati hata senti.

Muda nao unakimbia. Siku 90 kutoka tarehe 20 Agosti zinaishia tarehe 18 Novemba, si tarehe 20 kama angehesabu miezi mitatu. Siku mbili hizo zinatosha kupoteza kila kitu, maana fomu na fedha vyote vinatakiwa viwe vimefika kabla ya muda kuisha, na uhamisho wa benki kutoka Nairobi hadi Marekani unaweza kuchukua siku kadhaa. Hesabu huanza siku ya mwisho ya utumishi, na hakuna anayelazimika kumkumbusha. Kwa aliyefariki au kupata ulemavu, mikataba mingi hutoa miezi 12. Kwa aliyefukuzwa kwa kosa kubwa, mikataba mingi hufuta hata zilizoiva, papo hapo.

Siku 90 zilitoka wapi?

Wengi hudhani kikomo hiki ni sheria inayoifunga kampuni mikono. Sivyo. Mwaka 1981 Bunge la Marekani lilianzisha aina ya haki za hisa zenye nafuu ya kodi kwa wafanyakazi. Ili mtu apate nafuu hiyo, anatakiwa awe amenunua akiwa bado kazini au ndani ya miezi mitatu tangu kuondoka. Masharti hayo sasa yamo katika kifungu cha 422 cha sheria ya kodi ya nchi hiyo. Akichelewa, sheria haimnyang'anyi haki zake. Inamnyima nafuu ya kodi tu, na hutozwa kama mwenye haki za kawaida.

Mawakili waliokuwa wakiandika mikataba waligeuza sharti hilo la kodi kuwa tarehe ya kifo cha haki yenyewe. Mkataba mmoja ukanakiliwa kwenye mwingine hadi siku 90 zikawa desturi. Zilipofika Nairobi zilifika bila sababu yake, kwa kuwa Mkenya anayeishi na kulipa kodi Kenya, asiyehusika na kodi ya mapato ya Marekani, hana nafuu ya kifungu cha 422 ya kulinda. Kwake yeye ni hasara tupu: muda mfupi, bila faida iliyokusudiwa kuuhalalisha.

Zipo kampuni zilizoliona hili. Mwaka 2015 Pinterest ya San Fransisko iliwapa wafanyakazi waliotimiza angalau miaka miwili muda wa miaka saba baada ya kuondoka. Tangu hapo kampuni kadhaa zimefuata njia hiyo. Zinazokataa nazo zina hoja. Haki zisizonunuliwa hurudi kwenye fungu la kuajiria watu wapya, na zikishikiliwa na walioondoka kwa miaka mingi, wanaobaki kujenga kampuni hugawana sehemu ndogo zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mgawanyo wa mali, si ya sheria, na jambo la mgawanyo hujadiliwa.

Kifungu kibaya zaidi

Kuna maneno mengine ya kutafuta kwenye mkataba, nayo ni haki ya kampuni kununua tena hisa za aliyeondoka. Kununua tena hisa ambazo hazijaiva, kwa bei aliyolipa mfanyakazi, ni kawaida. Hatari ni kampuni inapoweza kufanya hivyo kwa zilizoiva. Mwaka 2011, Microsoft ilipokuwa ikiinunua Skype kwa dola bilioni 8.5, baadhi ya waliokuwa wameondoka Skype waligundua kwamba mkataba wao uliiruhusu kampuni kuzichukua hisa zao zilizoiva kwa bei ileile waliyonunulia. Faida yote ikayeyuka, na kifungu kilikuwamo ndani ya karatasi walizozitia sahihi wenyewe.

Kabla ya barua ya kuacha kazi

Turudi kwa mhandisi wetu kabla hajapeleka barua ya kuacha kazi. Anahitaji karatasi tatu mezani: taarifa ya haki alizopewa, mkataba wa haki hizo, na kanuni za mpango mzima, ambazo mkataba huzitaja lakini mara nyingi hauzibebi. Asome vifungu viwili tu kwa makini, cha kusitishwa kwa utumishi na cha kampuni kununua tena hisa. Aombe kwa maandishi idadi ya zilizoiva na tathmini ya sasa. Amuone mshauri wa kodi wa nchini mwake kabla ya kulipa, si baada.

Halazimiki kuchagua kati ya yote na hapana. Akinunua hisa 2,000 kwa dola 1,000, atakuwa ameweka kiasi anachoweza kukipoteza bila kuumia, na zilizobaki 5,500 akaziachia. Anaweza pia kuiomba bodi imwongezee muda. Hana nguvu nyingi siku ya kuaga, lakini akieleza kwamba yeye hafungwi na sharti la kodi lililozaa siku 90, anaipa bodi sababu ya kukubali isiyoigharimu kampuni fedha taslimu.

Nguvu ya kweli anakuwa nayo mara moja, siku ambayo kampuni mpya inamtaka na yeye hajatia sahihi. Hapo mshahara huwa umeshajadiliwa na idadi ya haki imeshatajwa. Swali linalobaki, ambalo wachache huuliza, ni hili: nikiondoka baada ya miaka miwili, nitakuwa na muda gani wa kununua zilizoiva?