Kukiri Kosa kwa Makubaliano: Mshtakiwa Asiye na Wakili Anapata Nini?

Makubaliano ya kukiri kosa ni mapatano ya maandishi kati ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa. Mshtakiwa anakubali kosa, naye mwendesha mashtaka anapunguza uzito wa shtaka, anaondoa mashtaka mengine, au anaahidi kutoyaendeleza. Kenya iliingiza utaratibu huu mwaka 2008, katika vifungu 137A hadi 137O vya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Makosa ya kingono yaliyo chini ya sheria yake maalumu hayaguswi, wala mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Kwa makosa mengine mlango uko wazi, na upande wowote unaweza kuanzisha mazungumzo. Hakimu haruhusiwi kushiriki.

Katazo hilo lina maana nzuri. Hakimu akiingia kwenye mazungumzo, mshtakiwa atahofu kwamba kukataa ni kumuudhi yule yule atakayemhukumu. Lakini katazo hilo pia linamwacha mshtakiwa asiye na wakili peke yake mbele ya mwanasheria wa serikali, wakati ule ambapo bei ya kukiri kwake inapangwa. Mapatano yakishaandikwa, ndipo mahakama inapoingia, na hapo sheria ya Kenya ina ukali wa kutosha. Chini ya kifungu cha 137F, mshtakiwa anaapishwa na hakimu anazungumza naye ana kwa ana. Anaelezwa kwamba ana haki ya kukana shtaka, kunyamaza, kuwahoji mashahidi, na kuwa na wakili, ikiwemo wa kuteuliwa na mahakama inapobidi. Anaelezwa adhabu ya juu kabisa ya kosa analokiri. Anaelezwa pia kwamba hatakuwa na rufaa isipokuwa juu ya kiasi au uhalali wa adhabu. Kisha hakimu anapaswa kuridhika kwamba mtu huyu ana akili timamu na anakiri kwa hiari, na kwamba yapo maelezo ya tukio yanayobeba kosa lenyewe.

Maswali hayo yote yanapima kama mshtakiwa ameelewa na kama amelazimishwa. Hakuna hata moja linalopima kama alichopewa kina thamani yoyote, na hapo ndipo asiye na wakili anapopunjwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye sura ya kawaida. Mfanyakazi wa ghala mjini Nakuru anashtakiwa kuiba magunia ya sukari ya mwajiri wake. Hati ya mashtaka ina shtaka la wizi wa mwajiriwa, ambalo chini ya kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu lina kifungo kisichozidi miaka 7. Chini yake kumeandikwa shtaka mbadala la kupokea au kuhifadhi mali ya wizi, kifungu cha 322, lenye kifungo kisichozidi miaka 14. Dhamana amepewa, ila ameshindwa kuitimiza, kwa hiyo yuko rumande. Mwendesha mashtaka anamwambia: kiri wizi wa kawaida wa kifungu cha 275, ambao mwisho wake ni miaka 3, nami nitaondoa hayo mengine.

Masikioni mwa mfanyakazi huyu, 7 na 14 ni 21, na 21 imeshuka hadi 3. Hesabu hiyo ni ya uongo, ingawa hakuna aliyemdanganya. Shtaka mbadala ni mbadala kweli: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuiba na pia kwa kupokea kitu kile kile katika hati ya namna hiyo. Miaka 21 haikuwepo kamwe. Tena hata hiyo 7 na 14 ni vikomo, na mtu asiye na rekodi ya uhalifu, katika wizi wa kiasi kidogo, kwa kawaida hafikishwi huko. Wakili angeliona hilo kwa kusoma ukurasa mmoja.

Wakili angeona na mengine. Angeomba maelezo ya mashahidi kabla ya kujibu lolote, kwa sababu Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi wa upande wa pili. Huenda ushahidi wote ni daftari la ghala lenye hesabu isiyolingana, nayo funguo ziko mikononi mwa watu wanne. Kesi ya namna hiyo inaweza kuanguka yenyewe, na kukiri ndiko kunakoiokoa. Angejua pia kwamba kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3 linaweza kuadhibiwa kwa huduma kwa jamii badala ya jela, chini ya sheria ya mwaka 1998, na kwamba siku za rumande zinapaswa kuzingatiwa katika adhabu. Hayo angeyadai mezani. Mfanyakazi wetu hakuyadai kwa sababu hakujua yapo, naye atamjibu hakimu kwa kiapo, na kwa ukweli, kwamba ameelewa na hakuna aliyemlazimisha.

Rumande nayo ina sauti yake katika mazungumzo haya. Anayesubiri kesi akiwa ndani hulinganisha adhabu ndogo ya leo na kuahirishwa kwa kesi mara nyingi. Mtu asiye na hatia anaweza kukiri kwa hesabu hiyo tu, hasa akiambiwa muda aliokaa utatosha. Sheria haiuhesabu msukumo huu kuwa shuruti.

Katiba ya Kenya inasema mshtakiwa apewe wakili na serikali kama kumkosa kungeleta dhuluma kubwa. Katika kesi ya Karisa Chengo ya mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa. Hutazamwa uzito wa kosa na adhabu, ugumu wa kesi, kisomo cha mshtakiwa na uwezo wake wa kulipa. Wizi wa sukari mara chache utavuka kizingiti hicho, ilhali kesi ndogo za aina hii ndizo zinazovutia mapatano ya haraka.

Tanzania, ilipoleta utaratibu wake mwaka 2019, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa njia nyingine: mshtakiwa asiye na wakili anaweza kusimama na ndugu, rafiki au mtu mwingine mwenye sifa kisheria. Ndugu anaweza kumtia moyo na kushuhudia kwamba hakutishwa. Kujua maana ya shtaka mbadala ni jambo jingine.

Makosa yakishatokea, njia ya kuyarekebisha ni nyembamba. Kabla ya hukumu ya adhabu, mshtakiwa anaweza kujitoa. Hakimu akiyakataa mapatano, yanakuwa batili, hayatumiki dhidi yake, na kesi inaanza upya mbele ya mahakama nyingine. Baada ya adhabu, hatia inaweza kuombewa kufutwa kwa sababu ya ulaghai au upotoshaji tu, na kukosea hesabu mwenyewe si upotoshaji wa mtu mwingine.

Kwa hiyo ulinzi unaofaa ni wakili kabla ya saini, hata kwa nusu saa, na gharama yake kwa serikali ni ndogo kuliko ya kesi kamili inayookolewa na mapatano. Mpaka hilo liwe lazima, mshtakiwa aliye peke yake na aombe muda, aombe maelezo ya mashahidi kwa maandishi, na aulize jambo moja mbele ya hakimu: kati ya mashtaka haya, ni yapi ningeweza kutiwa hatiani kwa pamoja?