Pesa Ipo, Lakini Haitoki

Jumatatu asubuhi nilikuwa dirishani kwa mhasibu wa shule, kadi mkononi, nikilipa ada ya shilingi 300,000. Mashine ikatoa kikaratasi: imekataliwa, namba 51. Kwenye mashine za kadi, 51 maana yake salio halitoshi. Nikafungua simu, nikaona akaunti ina 612,000.

"Mzazi, jaribu tena," mhasibu akaniambia kwa upole. Nikajaribu, ikakataa vilevile. Benki ilikuwa inatazama salio jingine, si lile nililokuwa nalisoma mimi.

Akaunti huwa na masalio mawili. Salio la leja huhesabu miamala iliyokwisha kuandikwa kwenye vitabu vya benki. Salio la kutumia ni hilohilo la leja, baada ya kutoa fedha zilizoshikiliwa na kile kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki kwenye akaunti. Malipo yakiombwa, benki hupima kwa hili la pili.

Fedha zangu zilishikiliwa Ijumaa, nilipofika hotelini. Mhudumu wa mapokezi alipitisha kadi yangu kwenye mashine, na hoteli ikaiomba benki inishikie 340,000: malazi ya siku mbili 240,000 na dhamana 100,000. Benki ikakubali na kuzitenga. Hakuna senti iliyotoka, kwa hiyo leja haikubadilika na taarifa ya akaunti haikuonyesha kitu. Jumapili nikalipa 240,000 kwa simu, nikaondoka nikijua nimemaliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Malipo ya simu hayakupita kwenye kadi, na benki haikuwa na namna ya kujua kwamba deni limelipwa. Ukitoa 340,000 kwenye 612,000, kisha 10,000 za kiwango cha chini cha akaunti yangu, zinabaki 262,000. Ada ilipelea 38,000.

Fedha za namna hii hurudi kwa njia mbili: hoteli itume ombi la kuziachia, au muda wa kushikilia uishe wenyewe. Muda huo hutegemea benki na aina ya biashara. Unaweza kuwa siku chache, na kwa hoteli ukafika hata wiki kadhaa. Benki kwa kawaida haiziachii kwa neno la mteja peke yake, maana hoteli bado inaweza kuja kuzidai.

Nilipiga simu benki, nikauliza ni fedha zipi zimeshikiliwa na nani. Wakanitajia kiasi, tarehe na namba ya idhini, ileile iliyokuwa kwenye risiti ya Ijumaa. Nikaipeleka namba hiyo hotelini, nao wakatuma ombi la kuziachia. Siku mbili baadaye ada ikapita, na leja ilikuwa bado inasoma 612,000.

Siku hizi nikilipa hoteli kwa njia nyingine, siondoki mapokezi kabla hawajafuta ule ushikiliaji wa kadi na kunipa karatasi yake.