Aliyetoa Silaha Alijua Nini?

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1986, ndege za kivita za Marekani aina ya F-111 ziliruka kutoka kambi ya Lakenheath, Uingereza, kwenda kuupiga mji wa Tripoli. Ufaransa na Hispania zilikuwa zimekataa zipite kwenye anga lao, hivyo marubani wakalazimika kuzunguka juu ya bahari na kuingia Mediterania kupitia Mlango wa Jibralta, wakijaziwa mafuta angani. Waziri Mkuu Margaret Thatcher ndiye aliyeruhusu kambi itumike. Hakuna Mwingereza aliyedondosha bomu hata moja, lakini Libya iliilaumu Uingereza pamoja na Marekani. Mwezi Novemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani shambulio hilo kwa azimio namba 41/38, na likazitaka nchi zote zisitoe msaada wala nyenzo kwa mashambulizi ya aina hiyo dhidi ya Libya.

Marekani ilisema ilikuwa inajilinda, na kama dai hilo lingekuwa kweli kisheria, basi Uingereza nayo haikuwa na kosa. Msaidizi hawezi kukosea ikiwa anayesaidiwa hakukosea. Lakini aliyesaidiwa akiwa amekosea kweli, aliyefungua uwanja wake wa ndege anawajibika kwa lipi?

Jibu liliandikwa mwaka 2001 na Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, iliyomaliza kazi ya miongo mingi chini ya uelekezi wa mwanasheria wa Australia, James Crawford. Ibara ya 16 ya kanuni hizo inasema kwamba nchi inayoisaidia nyingine kutenda kosa la kimataifa itawajibika kwa msaada wake endapo ilifahamu mazingira ya kosa hilo, na endapo kitendo hicho kingekuwa kosa hata kama ingekitenda yenyewe. Sharti la pili linaeleweka kwa urahisi: kama nchi mbili zimefunga mkataba wao wa biashara, nchi ya tatu ambayo haikuutia saini haibanwi nao. Msaada nao haulazimiki kuwa ule ambao bila huo kosa lisingewezekana. Inatosha uwe umechangia kwa kiasi kikubwa.

Ugumu wote umo katika sharti la kwanza, la kufahamu. Mahali lilipopimwa kwa kina ni The Hague, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 26 Februari 2007.

Mji wa Srebrenica, ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa eneo salama, ulianguka tarehe 11 Julai 1995 mikononi mwa jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Jenerali Ratko Mladić. Katika siku chache zilizofuata waliuawa zaidi ya wanaume na wavulana 7,000 Waislamu. Jeshi hilo lilitegemea Belgrade kwa fedha, silaha na mafuta. Maofisa wake wengi walikuwa bado wamo kwenye orodha ya malipo ya jeshi la Yugoslavia, ambayo ndiyo Serbia ya leo, na mishahara yao ilipitia ofisi moja ya utumishi iliyoitwa Kituo cha 30. Huo ni msaada kwa maana yoyote utakayoitafuta, na Mahakama haikukana kwamba ulikuwepo.

Serbia ilishtakiwa kwa ushirika katika mauaji ya kimbari chini ya Mkataba wa mwaka 1948. Waserbia wa Bosnia hawakuwa nchi inayotambuliwa, kwa hiyo Ibara ya 16, inayohusu nchi kuisaidia nchi, haikulingana moja kwa moja na shauri hilo. Majaji waliitumia kama kipimo hata hivyo, na wakatamka kuwa imekwisha kuwa sehemu ya sheria ya mila ya kimataifa. Maana yake ni kwamba inazifunga nchi zote, ziwe zimetia saini chochote au la.

Kisha wakauliza: wakuu wa Belgrade, walipokuwa wakitoa msaada huo, walijua kwamba aliyesaidiwa amekusudia kuangamiza kundi la watu? Ushahidi ulionyesha kuwa uamuzi wa kuwaua wanaume wa Srebrenica ulifanywa muda mfupi tu kabla ya kutekelezwa, na haikuthibitika kwamba Belgrade ilipewa habari wakati huo. Kwa kura 11 dhidi ya 4, Serbia ikaonekana haikushiriki.

Mmoja wa wale wanne, Jaji Kenneth Keith wa New Zealand, aliona kwamba ushahidi uliokuwepo ulitosha kuonyesha Belgrade ilijua. Mwingine, Makamu wa Rais Awn Al-Khasawneh wa Jordan, alilalamikia jinsi ushahidi ulivyokusanywa. Kumbukumbu za vikao vya Baraza Kuu la Ulinzi la Yugoslavia zilifika mahakamani zikiwa na sehemu zilizofichwa, Bosnia ikaomba Serbia iagizwe kuzitoa zikiwa kamili, na Mahakama haikuagiza. Hapa ndipo naona udhaifu mkubwa wa kanuni hii. Ujuzi wa serikali umo ndani ya mafaili ya serikali yenyewe, na anayedai ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuuthibitisha.

Siku hiyohiyo, hata hivyo, majaji hao waliitia Serbia hatiani kwa kosa jingine: kushindwa kuzuia. Kwa wajibu huu haikuhitajika kuthibitisha kwamba ilijua kwa hakika. Ilitosha kwamba ilijua, au ilipaswa kujua, kuwa kuna hatari kubwa ya mauaji ya kimbari kutokea. Wakuu wa Belgrade waliufahamu uhasama uliokuwepo Srebrenica, na tarehe 14 Julai mjumbe wa Umoja wa Ulaya, Carl Bildt, alikutana na Rais Slobodan Milošević na kumsihi asaidie. Nguvu ya kumshawishi Mladić ilikuwepo, tena ilitokana na ule ule msaada wa fedha na silaha. Serbia haikuonyesha hatua yoyote iliyochukua. Kura zilikuwa 12 dhidi ya 3.

Lakini familia za Srebrenica hazikupata fidia kutokana na hukumu hiyo. Mahakama ilisema haikuwa na uhakika wa kutosha kwamba mauaji yangeepukika kama Serbia ingetimiza wajibu wake, kwa hiyo tamko la kuwa imekosea likahesabiwa kuwa ridhaa tosha. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado siioni kuwa ya haki.

Tofauti hii kati ya kujua kwa hakika na kuiona hatari imerudi The Hague hivi karibuni. Mwaka 2024 Nicaragua iliishtaki Ujerumani kwa kuipelekea Israeli silaha wakati wa vita vya Gaza. Ujerumani ilijibu kwamba kila kibali hupimwa kwanza, na kwamba thamani ya vibali ilikuwa imeshuka kutoka takriban yuro milioni 200 mwezi Oktoba 2023 hadi karibu milioni 1 mwezi Machi 2024. Tarehe 30 Aprili, kwa kura 15 dhidi ya 1, Mahakama ilikataa kutoa amri ya dharura, ila ikakataa pia ombi la Ujerumani la kuifuta kesi. Ikazikumbusha nchi zote wajibu wao wa kimataifa kuhusu upelekaji wa silaha kwa pande zinazopigana, ili kuepuka hatari kwamba silaha hizo zitatumika kuvunja sheria. Kikumbusho hicho kinahusu hatari. Ofisa anayetia saini kibali cha silaha leo, awe Berlin au kwingineko, ana taarifa za Umoja wa Mataifa mezani kwake, na itakuwa vigumu kwake kuja kusema hakuiona hatari yenyewe.