Kusoma Grafu ya Mvua na Joto: Mfano wa Dodoma

Aliyewahi kufanya mtihani wa Jiografia analijua swali hili. Kuna grafu moja yenye miezi 12, mstari wa joto juu na pau za mvua chini, kisha maagizo: taja aina ya tabianchi, pendekeza mazao yanayofaa. Wengi huona pau ndefu za Januari na papo hapo huandika mahindi. Tuichukue grafu ya Dodoma, kwa namba zilizorahisishwa kidogo, tuone jibu hilo linakwama wapi.

Kabla ya yote, tazama mihimili. Mmoja ni wa joto kwa nyuzi za sentigredi, mwingine ni wa mvua kwa milimita, na kila mmoja una vipimo vyake. Mchoraji akianzisha mhimili wa joto kwenye nyuzi 15 badala ya sifuri, mstari utaonekana umepanda mlima na kushuka bondeni, kumbe tofauti ni ndogo. Hapa Novemba ina nyuzi 25 na Julai 19.5. Kwa hiyo joto hupishana kwa nyuzi 5.5 tu mwaka mzima, na mwezi wa baridi kuliko yote bado uko juu ya nyuzi 18. Hiyo ni tropiki. Kwa kuwa mstari unashuka Juni na Julai, tunajua pia kwamba tuko kusini mwa ikweta.

Sasa mvua. Novemba zinadondoka milimita 25, Desemba 120, Januari 130, Februari 115, Machi 110, Aprili 50. Mei na Oktoba zina milimita tano tano, na kuanzia Juni hadi Septemba hakuna pau kabisa. Jumla ni milimita 560, na karibu zote zimenyesha katika nusu ya mwaka yenye joto.

Mwanafunzi mwingi hapa huandika “savana” na kufunga daftari. Si jibu baya sana, maana masika moja na kiangazi kirefu ndivyo savana ilivyo. Lakini mvua ya wakati wa joto hupotea upesi kwa mvuke, hivyo jumla peke yake haitoshi kutoa jina. Mwanasayansi Wladimir Köppen aliweka kipimo kwa maeneo yanayopata mvua zake wakati wa joto: zidisha wastani wa joto wa mwaka kwa 20, kisha ongeza 280. Wastani wa Dodoma ni kama nyuzi 22.7, kwa hiyo tunapata takribani milimita 730. Mvua ikipungua hapo, eneo ni kame. Ikishuka chini ya nusu yake, yaani 365, ni jangwa. Dodoma, kwa milimita zake 560, imeangukia katikati, nayo ni nusu jangwa ya joto.

Jina hilo ndilo linaloyapunguza mahindi. Miezi minne ya mvua nzuri inaonekana kuyatosha, ila pau ni wastani wa miaka mingi, na wastani huficha. Pau ya Februari haisemi kwamba mvua inaweza kukatika wiki mbili au tatu katikati ya msimu, na mahindi yakipatwa na ukame huo wakati wa kutoa mbelewele, magunzi hubaki bila punje. Mtama huweza kutulia, ukasubiri mvua na kuendelea kukua. Uwele hukomaa mapema zaidi. Alizeti, ufuta na karanga nazo zinafaa.

Hata hivyo karanga zina kisa chake mkoani humo humo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Mvua hazikutabirika, na udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuzuia karanga kung'olewa. Grafu haionyeshi udongo, wala haionyeshi mwaka mbaya.

Halafu kuna zabibu, ambazo humchanganya mtahiniwa. Kwa kuwa vitabu huzitaja pamoja na tabianchi ya Mediterania, yeye huona zabibu na kuandika Mediterania. Linganisha na grafu ya Cape Town: pau zake ndefu ziko Juni na Julai, mstari wa joto ukiwa chini kabisa. Dodoma ni kinyume chake. Mizabibu hapa haipati baridi ya kuilaza, kwa hiyo mkulima huupanga msimu wake kwa kupogoa, na mwenye maji ya kumwagilia huvuna mara mbili kwa mwaka. Anayependekeza zabibu basi aandike na sababu zake: jua jingi, kiangazi kikavu kinachopunguza ukungu kwenye vishada, na umwagiliaji katika ile miezi isiyo na pau.