Kipokezi kinawaka, spika ziko kimya

Sebule nyingi za Biharamulo bado zina redio kubwa ya zamani: amplifaya nzito yenye uso wa bati la rangi ya fedha, spika mbili za mbao, na deki ya kaseti isiyozunguka tena kwa kuwa mkanda wake wa mpira umelainika na kunata. Nyingine zilinunuliwa enzi zile umeme wa mji ulipotoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, zikafunikwa kitambaa cha kufuma, zikatunzwa. Transfoma yake ni nzima na spika zake ni nzuri kuliko sabufa nyingi zinazouzwa leo. Kilichokosekana ni njia ya kuingiza muziki ulio kwenye simu, na njia hiyo imekuja kwa sura ya kipokezi cha Bluetooth, kidude kidogo kuliko kiberiti, chenye taa moja na tundu moja la sauti.

Mtu anakinunua, anaunga waya, simu inaandika Connected, wimbo unaonekana ukitembea kwenye kioo. Spika hazisemi kitu. Hapo ndipo redio nzima inapopakiwa kwenye bodaboda kupelekwa kwa fundi, na wakati mwingine inarudi na hukumu kwamba aisii imekufa. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona amplifaya nzima zikifunguliwa na kuchokonolewa kwa kosa lililokuwa nje kabisa, kwenye swichi ya mbele au ncha ya waya.

Fundi mmoja wa mjini Biharamulo, aliyejifunza kazi kwa kutengeneza redio za madereva wa malori pale Nyakanazi, ana desturi ninayoiheshimu: haanzi na bisibisi. Aliitwa nyumbani kwa mwalimu mstaafu mwenye amplifaya ya Kijapani ya miaka ya themanini. Baada ya shikamoo na kiti, aliomba jambo moja tu.

“Mwalimu, hebu tufungulie redio kwanza.”

Mwalimu alizungusha kinobu hadi TUNER, na matangazo ya Radio Kwizera kutoka Ngara yakasikika kwenye spika zote mbili. Kwa tendo hilo nusu ya shaka iliondoka. Kama redio inasema, basi umeme unaingia, fyuzi ni nzima, amplifaya inakuza sauti, spika zimeungwa na swichi ya SPEAKERS haijazimwa. Kosa limebaki upande wa kuingilia: ama kinobu cha kuchagua, ama waya, ama kipokezi chenyewe. Kama redio nayo ingenyamaza, ingebidi kutazama kwanza kama kuna pini kwenye tundu la hedifoni, maana amplifaya nyingi za zamani hukata spika mara pini inapoingia hapo.

Jaribio la pili ni la kidole. Kwanza punguza sauti hadi karibu na mwisho. Chomoa waya kwenye kipokezi, lakini uache umeungwa kwenye amplifaya, kisha gusa ncha kabisa ya pini kwa kidole kikavu huku ukiongeza sauti polepole. Spika zikivuma “mmmm” nzito, maana yake ni kwamba tundu ni sahihi, kinobu kimechagua tundu hilo, na njia yote hadi spika iko wazi. Mvumo huo ni umeme wa nyumba wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao mwili wa mtu huudaka kutoka hewani kama antena. Kidole kisijaribiwe kwenye amplifaya ambayo bati lake humpiga mtu shoti. Hiyo ichomolewe ukutani na itazamwe na fundi kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa mwalimu, kidole hakikuleta mvumo wowote. Fundi alizunguka nyuma ya amplifaya na tochi.

Nyuma ya chombo cha aina hii kuna matundu ya duara yaliyopangwa mawilimawili, jeupe la kushoto na jekundu la kulia, na chini ya kila jozi kuna neno: PHONO, TUNER, AUX, TAPE. Tatizo liko kwenye TAPE, kwa sababu pale kuna jozi mbili badala ya moja. Jozi iliyoandikwa PLAY au IN hupokea sauti kutoka kwenye deki. Jozi iliyoandikwa REC au OUT hutoa sauti kuipeleka kwenye deki ili irekodiwe. Umbo ni lilelile, rangi ni zilezile, na waya unaingia kote vizuri. Mwalimu alikuwa ameunga kipokezi kwenye REC, mahali pa kutokea, na sauti iliyosukumwa humo haikuwa na pa kwenda.

Waya ulihamishiwa PLAY, kinobu kikarudishwa kwenye AUX, na bado kimya. Hili huwachanganya hata watu waliozoea. Kwenye amplifaya nyingi za kipindi hicho, kaseti haiko kwenye kinobu cha kuchagua. Ina swichi yake ya pembeni, iliyoandikwa TAPE MONITOR, na swichi hiyo ina nguvu kuliko kinobu. Ikibonyezwa, amplifaya husikiliza tundu la PLAY peke yake, hata kinobu kielekezwe wapi. Ikiachiwa, husikiliza kinobu na kulisahau PLAY. Ndiyo maana swichi hii hunyamazisha nyumba kwa namna mbili: mwenye kipokezi kwenye PLAY asipoibonyeza hasikii kitu, na mwenye kipokezi kwenye AUX asiposikia hata redio, huenda mtoto aliibonyeza wakati wa kufuta vumbi. Fundi aliibonyeza, na kwaya ikajaa sebuleni, ingawa upande wa kulia tu.

Kabla ya kuendelea na waya wa mwalimu, niseme juu ya PHONO, kwa kuwa tundu hilo huvutia watu likiwa tupu. Lilitengenezwa kwa ajili ya sindano ya sahani za santuri, inayotoa umeme wa kama sehemu tano kati ya elfu za volti moja, yaani milivolti 5. Kipokezi hutoa mara mia au zaidi ya hapo. Ukiunga huko sauti itatoka, tena kwa kishindo, lakini itakuwa imepasuka na besi imevimba kupita kiasi. Chagua AUX, au CD kama ipo.

Sasa ncha za waya. Upande mmoja wa mwalimu ulikuwa kimya, na fundi alibadilishana vichwa vya waya nyuma ya amplifaya: cheupe kikaenda pa chekundu na chekundu pa cheupe. Ukimya ukahama kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Hapo ikajulikana kwamba spika na amplifaya havina hatia, kosa linasafiri na waya au kipokezi. Kama ukimya ungebaki kushoto baada ya kubadilisha, kosa lingekuwa ndani ya amplifaya, na mara nyingi katika umri huo huwa ni kutu kwenye kinobu cha kuchagua, ambacho ukikizungusha huku na huku mara nyingi, chombo kikiwa kimezimwa, hurudisha sauti.

Fundi aliitazama pini nyembamba inayoingia kwenye kipokezi. Pini ya sauti ya spika mbili ina mistari miwili myeusi inayoigawa sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, shina ni ardhi. Ya mwalimu ilikuwa na mistari mitatu, sehemu nne. Ulikuwa waya wa king'amuzi, ule wenye vichwa vitatu vya njano, nyeupe na nyekundu, ambao kila nyumba unao kwenye droo. Katika waya wa namna hiyo sehemu moja ni ya picha, na watengenezaji hawakukubaliana ni ipi. Ukiwekwa kwenye kipokezi, sehemu ya sauti inaweza kuangukia kwenye kichwa cha njano, na ardhi ikakosa mahali pake. Fundi alichomoa cheupe, akachomeka cha njano, na spika ya pili ikazungumza. Lakini ilikuwa na mvumo chini yake, kwa hiyo aliuweka kando na kuchukua waya wa mistari miwili kwenye mkoba wake.

Kuna dalili moja ya waya ambayo ni vizuri kuijua. Muziki unatoka, ngoma na vinanda vinasikika kwa mbali, lakini mwimbaji hayupo. Hiyo ni ardhi iliyokatika, mara nyingi palepale waya unapoingia kwenye pini, unapokunjwa kila siku. Bila ardhi, kinachobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji, iliyorekodiwa sawasawa pande zote mbili, hujifuta. Kata sentimita chache, lehemu pini mpya, mwimbaji atarudi.

Wenye redio za Ulaya, za Philips au Grundig, hukuta nyuma tundu la mviringo lenye matobo matano. Adapta zake huuzwa za aina mbili zinazofanana kwa macho. Sauti inayoingia lazima ifike kwenye pini namba 3 na 5, na ardhi namba 2. Adapta iliyofungwa kwa ajili ya kurekodi hutumia namba 1 na 4, na hiyo ni REC ileile iliyomponza mwalimu, kwa umbo jingine.

Umeme ulikuja mwisho. Wimbo ulichezwa kama nusu dakika, ukakatika, taa ya kipokezi ikazimika. Mwalimu alikuwa anakilisha kwa pawabenki kwa kuogopa umeme kukatika. Pawabenki nyingi hujizima zinapoona kinachonyonywa ni kidogo mno, zikidhani simu imeshajaa, na kipokezi hunyonya kidogo sana kuliko simu. Chaja ya kawaida ya simu, volti 5, ilimaliza hilo.

Kwa wanaotumia sola vijijini, ambako inveta na tundu la USB vinatoka kwenye betri moja, huweza kuzuka mlio wa nyuki unaofuatana na muziki. Chomoa waya wa kuchaji, uache kipokezi kitumie betri yake ya ndani kama kinayo. Mlio ukiondoka, chanzo ni duara la ardhi kati ya vyombo viwili vinavyolishwa pamoja, na tiba rahisi ni kuchaji mchana na kusikiliza jioni bila waya huo.

Taa ya kipokezi nayo isomwe. Kwenye vingi, kumetameta harakaharaka ni kutafuta simu, na kutulia au kumeta polepole ni kuungana. Ikiwa imetulia na kidole kimeshaleta mvumo, tazama ubavuni: vipokezi vingine vina swichi ndogo ya TX na RX, na kikiwa kwenye TX kinarusha sauti badala ya kupokea. Kisha pandisha sauti ya muziki kwenye simu yenyewe, maana ile ya mlio wa kuita ni nyingine, na ufungue mipangilio ya Bluetooth kuhakikisha Media audio haijazimwa.

Mwalimu alimwuliza fundi kama achomeke amplifaya nyingine aliyoletewa na mjukuu, mtumba kutoka Japani. Fundi aligeuza bati la nyuma na kusoma: 100V. Umeme wetu ni volti 230. “Hii usiiguse ukutani, Mwalimu, mpaka tupate transfoma ya kuushusha.”