Kompyuta Inayokokotoa kwa Kupima

Katika kompyuta ya kwanta ya kawaida, mtaalamu hupanga mfululizo wa mageti. Geti moja hugeuza kyubiti moja, jingine huunganisha kyubiti mbili, na upimaji husubiri hadi mwisho. Kusubiri huko kuna sababu: kyubiti ikipimwa hutoa jibu moja tu, 0 au 1, na hali iliyokuwa nayo hupotea. Kupima katikati ya hesabu ni kama kuivuruga kazi kabla haijaiva.

Mwaka 2001 wanafizikia wawili waliokuwa Munich, Ujerumani, Robert Raussendorf na Hans Briegel, walikuja na pendekezo lililogeuza mpango huo juu chini. Walisema mageti yanaweza kuachwa kabisa wakati wa hesabu. Kinachotakiwa ni kuandaa mapema kyubiti nyingi zilizofungamana kwa namna maalumu, kisha kuzipima moja baada ya nyingine. Hesabu yenyewe ni huko kupima. Kila kyubiti iliyopimwa imetumika na hairudi tena, ndiyo maana mashine hiyo ikaitwa kompyuta ya njia moja.

Mkusanyiko huo wa kyubiti unaitwa klasta, na kanuni ya kuutengeneza ni fupi. Kila kyubiti huwekwa katika hali iliyo katikati ya 0 na 1, kisha kila jirani hufungamanishwa na jirani yake kwa tendo moja lilelile. Klasta haijui ni hesabu gani itafanywa juu yake. Programu nzima imo katika orodha ya pande ambazo vipimo vitaelekezwa.

Ili kuelewa pande hizo, msomaji achukue picha ambayo wanafizikia wenyewe huitumia kila siku, ya tufe lenye ncha na ikweta. Hali ya kyubiti ni mshale unaotoka katikati ya tufe na kugusa uso wake. Ukielekea ncha ya kaskazini, hiyo ni 0. Ukielekea kusini, ni 1. Ukigusa ikweta, ni mchanganyiko sawa wa vyote viwili. Kupima ni kuchagua mhimili na kuuliza kama mshale unaelekea upande huu wa mhimili au upande wa pili. Katika kompyuta ya njia moja, vipimo vingi hufanywa kwenye ikweta, na kinachochaguliwa ni longitudo: digrii ngapi mashariki au magharibi ya sifuri.

Kyubiti inapopimwa hivyo, hali iliyokuwa imebeba haipotei, kwa kuwa imefungamana na jirani. Hali hiyo huhamia kwa jirani, na katika kuhama huko huwa imezungushwa kwa kiasi cha ile longitudo iliyochaguliwa. Kipimo kimefanya kazi ya geti.

Tatizo ni kwamba jibu la kipimo haliwezi kuchaguliwa. Linatoka 0 au 1 kwa bahati nasibu, nusu kwa nusu, hata klasta iwe safi kiasi gani. Likitoka 0, hali imehama kama ilivyokusudiwa. Likitoka 1, imehama ikiwa imepinduliwa: kaskazini na kusini zimebadilishana nafasi. Hapo ndipo ufundi wa Raussendorf na Briegel unapoonekana. Kwa kuwa jibu limesomwa, inajulikana kama kupinduka kumetokea au la, na kipimo kinachofuata kinaweza kurekebishwa ili kukizingatia.

Tuchukue mfano mdogo kuliko yote wenye maana, yaani mnyororo wa kyubiti tano. Nne za mwanzo zitapimwa, na ya tano itabaki na matokeo. Mnyororo huu unatosha kufanya mzunguko wowote wa kyubiti moja, kwa kuwa mzunguko wowote wa tufe unaweza kugawanywa katika mizunguko mitatu juu ya mihimili miwili. Tuseme mizunguko inayotakiwa ni ya digrii 45, 30 na 60. Kipimo cha kwanza kitakuwa kwenye longitudo sifuri, na vitatu vinavyofuata, kama hakuna kilichopinduka, vitakuwa digrii 45, 30 na 60 mashariki.

Kipimo cha kwanza kinatoa 1. Mshale umepinduliwa, na kwenye tufe lililopinduliwa kuzunguka kuelekea mashariki huwa ni kuzunguka kuelekea magharibi. Kwa hiyo kipimo cha pili kinahamishwa: badala ya digrii 45 mashariki, digrii 45 magharibi. Kinatoa 0. Kipimo cha tatu hutazama jibu la pili tu, na kwa kuwa ni 0, kinabaki digrii 30 mashariki. Kinatoa 1. Cha nne hutazama majibu mawili, la kwanza na la tatu. Yote mawili ni 1, na kupindua mara mbili ni sawa na kutopindua, hivyo kinabaki digrii 60 mashariki bila kuguswa. Kinatoa 1.

Kyubiti ya tano sasa ina matokeo, ila bado kuna mabaki ya kupinduka. Hesabu yake ni ya kujumlisha tu: jibu la pili na la nne, 0 na 1, jumla yake ni witiri, maana yake kaskazini na kusini zimebadilishana. Hakuna haja ya kuigusa kyubiti kurekebisha jambo hilo. Ikisomwa kwenye mhimili wa ncha na kutoa 0, karani, ambaye ni kompyuta ya kawaida kabisa, anaandika 1.

Kama longitudo zisingerekebishwa, mambo yangeharibika vibaya zaidi. Katika mfano wetu mzunguko wa digrii 45 ungefanyika kinyume, na kosa la aina hiyo haliondolewi kwa kubadilisha 0 na 1 mwishoni. Njia pekee ingekuwa kurudia jaribio hadi majibu yatokee yenyewe yasiyohitaji marekebisho. Kwa mnyororo huu bahati hiyo ni moja kati ya nane. Kwa hesabu yenye sehemu ishirini za namna hiyo, ni moja kati ya zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja.

Kuna nafuu moja hapa, na mwandishi wa makala haya anaiona kuwa sehemu tamu kuliko zote katika nadharia hii. Si kila kipimo kinalazimika kusubiri. Longitudo sifuri haina mashariki wala magharibi, kwa hiyo haibadiliki. Digrii 90 mashariki na digrii 90 magharibi ni ncha mbili za mhimili uleule. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kubadilisha tu majina ya majibu, na hilo hufanywa baadaye kwenye daftari. Vipimo vyote vya namna hiyo vinaweza kufanywa kwa mpigo mmoja, hata viwe elfu. Hata hivyo, hesabu inayotumia vipimo hivyo peke yake inaweza kuigwa kwa urahisi na kompyuta ya kawaida. Zile pembe za katikati, kama 45, ndizo zinazoipa mashine nguvu, na ndizo hizohizo zinazoilazimisha kusubiri.

Mnyororo nao una mpaka wake. Unatosha kyubiti moja, lakini hesabu za maana zinahitaji kyubiti nyingi zikutane, na kwa hilo klasta hutandazwa kwa safu na mistari. Kyubiti isiyohitajika hupimwa kwenye mhimili wa ncha, na kipimo hicho huikata itoke bila kuvunja mfungamano wa zilizobaki. Hivyo njia za hesabu huchongwa ndani ya klasta, nazo huunganishwa pale ambapo hesabu inataka.

Jaribio la kwanza lilifanyika Vienna. Mwaka 2005 Philip Walther, Anton Zeilinger na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kuwa wametengeneza klasta ya fotoni nne, na kwa kuipima wakafanya kazi za mageti pamoja na utafutaji mdogo wa kitu kimoja kati ya vinne. Lakini vipimo vyao havikuwa na uwezo wa kubadilika katikati ya jaribio, jambo lililosubiri miaka miwili. Mwaka 2007 kundi hilohilo, Robert Prevedel akiwa wa kwanza kwenye orodha ya waandishi, lilionyesha mzunguko kamili: fotoni moja inapimwa, jibu linasomwa, na kristali inayoendeshwa kwa umeme inageuza pembe ya kipimo cha fotoni inayofuata. Yote hayo yalichukua chini ya nanosekunde 150.

Muda huo unaonekana mdogo mpaka mtu akumbuke kuwa fotoni haisimami kusubiri. Ndani ya kebo ya faiba, mwanga husafiri kama mita 30 kwa nanosekunde 150, kwa hiyo fotoni zinazosubiri zamu lazima zizungushwe kwenye faiba ya urefu wa namna hiyo. Kila mita ya faiba na kila kiungo huongeza uwezekano wa fotoni kupotea. Angalau kupotea huko hujulikana: kigunduzi hakitoi mlio wowote.

Kwa nini basi watu wa fotoni waling'ang'ania njia hii? Kwa sababu fotoni mbili zikikutana hupishana bila kugusana, na kuzifungamanisha ni bahati nasibu inayoshindwa mara nyingi. Katika mpango wa mageti, kushindwa mara moja katikati huharibu hesabu nzima. Katika mpango wa klasta, kushindwa hutokea wakati wa maandalizi, kabla taarifa yoyote ya thamani haijaingia. Kipande kilichoharibika hutupwa na kingine hujaribiwa.

Mwaka 2019 makundi mawili, moja Japani na jingine Denmaki, yalitengeneza klasta kubwa zenye safu na mistari kwa kutumia mwanga uliocheleweshwa kwenye faiba. Ya Denmaki ilikuwa na zaidi ya vipande 30,000 vya mwanga vilivyofungamana. Ukubwa huo una bei yake, kwani vipande hivyo havina 0 na 1 za wazi kama fotoni moja moja, na kila kipimo huongeza kelele kidogo kwenye hali inayohama. Kelele hujikusanya hatua kwa hatua.

Kuitambua kelele kunategemea sifa moja ya klasta. Chukua kyubiti yoyote, ipime kwenye longitudo sifuri, kisha wapime majirani zake wote kwenye mhimili wa ncha. Kila jibu peke yake ni bahati nasibu, lakini idadi ya majibu ya 1 kwa jumla lazima iwe shufwa. Ikitokea witiri, kuna kitu kimeharibika jirani na hapo. Raussendorf, akiwa na Jim Harrington na Kovid Goyal, aliitumia sifa hiyo kubuni klasta yenye kimo pia, ambamo hesabu na ukaguzi huu wa makosa hufanywa kwa vipimo vilevile. Mwaka 2007 yeye na Harrington walionyesha toleo la mpango huo linaloweza kufanyika kwenye kyubiti zilizopangwa juu ya ubapa, na linalostahimili makosa ya hadi asilimia 0.75 kwa kila chanzo, iwe ni maandalizi, geti, kusubiri au kipimo chenyewe.